Asilimia Kumi ya Kila Mtu

Owiti aliishi miaka kumi na moja juu ya saruji tupu na hakuna ndugu aliyelalamika. Alipofariki, kamati ya mazishi ilikutana mara moja na kukubaliana kwamba sakafu ile ni aibu.

Ndivyo walivyo watu wa pande hizi, na siwacheki peke yao, maana kwetu Bungoma tunafanya vilevile. Mtu akiwa hai anaweza kukaa na dirisha la gunia mpaka gunia lizeeke. Akifa, nyumba inapata vioo, rangi na vigae kabla mwili haujatoka mochari, kwa sababu jeneza litawekwa sebuleni na watu watalizunguka wakiangalia chini.

Mimi ni fundi wa vigae. Nimetandika Mwanza, nimetandika Malaba, nimetandika choo cha hoteli moja Homa Bay ambayo haikuwahi kufunguliwa. Naitwa Wakhisi. Simu ya kamati ilinipata Kisumu kwa sababu fundi waliyemtaka kwanza alikuwa na matanga yake mwenyewe.

Kikao kilikuwa Alhamisi, Migosi, nyumbani kwa Fabian, kaka mkubwa wa marehemu na mwenyekiti wa kamati. Nyumba ya marehemu iko ng'ambo ya Otonglo, ukitoka barabara ya Busia unakata kushoto. Kutoka Migosi hadi pale ni mwendo wa chai kupoa. Mtu mmoja mwenye futi kamba angekwenda, angepima na kurudi kabla ya chakula. Lakini kamati haikuundwa ili itembee.

"Ya nini kwenda?" Fabian alisema. "Tuko na plani."

Plani yenyewe ilikuwa picha ya skrini ndani ya simu. Mpwa wao aliyesomea uchoraji wa majengo ndiye aliyeichora zamani. Mtu aliifungua, akapiga picha skrini yake, akaituma kwa mwingine, huyo akaikata na kuituma kwa mwingine, na kila aliyeipokea aliituma ikiwa na ukungu zaidi. Juu yake ilionekana betri ya mtu asiyejulikana, asilimia sita. Chini ilikuwa imekatwa. Ilibaki sebule, ujia mmoja, na kipande cha mlango kinachoelekea mahali ambapo hapakuonekana.

"Na huku chini kuna nini?" nikauliza.

"Jikoni na chumba cha kulala," akajibu Gordon, binamu yao, katibu. "Hiyo haituhusu, Mzee. Wageni hawafiki jikoni."

"Mwenye nyumba anafika."

"Mwenye nyumba amekufa," Gordon akasema, na kikao kikaendelea.

Mjane hakuwa pale. Anaitwa Awuor, wao humwita Mama Lorine, ni fundi wa nguo mwenye cherehani yake sokoni Otonglo. Hawakumwita kwa sababu ana majonzi.

Fabian akavaa miwani, akaipanua ile picha kwa vidole viwili. Namba za ndani ya chumba zilikuwa ndogo na zimefifia. Namba za nje, zile zinazoandikwa juu ya mstari mrefu pembeni mwa nyumba, zilikuwa kubwa na nzuri. Akasoma kubwa. "Elfu sita mia nne, kwa elfu tano mia mbili. Hizo ni milimita. Mita sita nukta nne mara tano nukta mbili."

Gordon akabonyeza kikokotoo. "Thelathini na tatu nukta mbili nane."

"Ujia?"

Namba za ujia zilisomeka: elfu nne mia tano kwa elfu moja mia mbili. Mita za mraba tano nukta nne. Jumla, thelathini na nane nukta sita nane.

Nilijua hapohapo kuna kosa. Mstari wa nje huenda kutoka uso wa nje wa ukuta hadi uso wa nje wa ukuta. Walikuwa wanataka kumtandikia marehemu vigae ndani ya matofali. Lakini fundi aliyekalia kochi la mwenyekiti hasemi kila anachojua, hasa chapati zikiwa bado zinakuja.

Kigae walichochagua ni cha sentimita sitini kwa sitini, vinne kwa boksi. Boksi moja linafunika mita za mraba moja nukta nne nne. Gordon akagawanya, akapata ishirini na sita na ushee. "Boksi ishirini na saba," akaandika.

Kikao kikafungwa kwa maombi, na hapo ndipo hesabu yenyewe ilipoanza.

Fabian alinisindikiza mpaka langoni. "Mzee Wakhisi, vigae huvunjika. Lazima uongeze asilimia kumi, si ndiyo?"

"Ndiyo, kumi ni kawaida."

"Basi nitamwambia Gordon aandike thelathini. Hiyo tatu ya juu ikibaki, usihangaike nayo. Mimi niko na bafu ya mpangaji hapa nyuma, inavuja aibu." Akanigonga bega.

Gordon alipokea thelathini. Hakujua kwamba asilimia kumi imeshaingia, au alijua na hakuona kama inamkataza. Akaongeza yake, akaandika thelathini na tatu, akampa karatasi Absalom, shemeji yao mwenye pikapu, mnunuzi wa kamati. Absalom aliisoma akiwa nyuma ya usukani Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa kando yake.

"Hawa watu wa ofisi hawajui vitu huvunjika njiani," akaniambia. "Barabara mbaya. Asilimia kumi ya safari." Thelathini na tatu ikawa thelathini na saba. "Na Mzee, mama watoto anataka kuweka kitu mbele ya kioski. Hata boksi nne tu."

Nami sikubaki nyuma. Tulipofika dukani, Absalom akaenda kutafuta mahali pa kuegesha, akaniachia karatasi. Nikatazama ile thelathini na saba. Nina binti Webuye, mlango wake wa mbele una shimo ambalo kuku hulala. Kwa mkono wangu huu, nikaongeza asilimia kumi ya fundi. Arobaini na moja.

Mwenye duka, Kishore, mtu mfupi anayevaa kalamu sikioni, akaisoma karatasi kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hii ni hesabu kavu au mmeshaongeza ya kuvunjika?"

"Imeongezwa," nikasema.

"Na nani?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile dukani. Nikakohoa. Kishore akacheka kidogo, akaita vijana wake wa stoo. "Nitakupa zote za lot moja, zilizochomwa pamoja, angalia namba ubavuni mwa boksi. Ukipungukiwa usirudi kwangu. Nyingine niliyonayo ni nyeupe zaidi, ukiweka pamoja sakafu itakuwa na kiraka."

"Hatutapungukiwa," nikamwambia, na hapo nilikuwa mkweli.

Jumamosi asubuhi pikapu ilishusha maboksi arobaini na moja kwenye kibanda cha nyuma, pamoja na gundi ya vigae iliyonunuliwa kwa kufuata hesabu hiyohiyo ya maboksi. Fabian alipiga simu akaagiza kibanda kifungwe na ufunguo akae nao Absalom. Kila mmoja wa wale watatu, nilikuja kujua, alidhani kile cha ziada mle ndani ni chake peke yake.

Awuor alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni, futi ya mshonaji shingoni. Nadhani aliisahau tangu siku alipoletewa habari akiwa kwenye cherehani. Alihesabu maboksi yakipita. Niliona midomo yake.

"Mzee," akaniita baadaye, nilipokuwa nanyoosha uzi sebuleni. "Hayo yote ni ya wapi?"

"Sebule na ujia, Mama Lorine."

"Na huku kwangu?"

Nikamwambia kamati imesema wageni hawafiki jikoni. Hakulia wala hakukasirika. Aliniita niingie, akanionyesha. Saruji ilikuwa imechimbika mbele ya meko, vumbi likitoka kila anapofagia. Chumbani kulikuwa na mkeka uliowekwa juu ya ufa.

"Owiti aliniambia mwaka ujao. Kila mwaka aliniambia mwaka ujao," akasema. "Sasa nikuulize, Mzee. Wakishazika Jumamosi ijayo, kuna mtu atarudi hapa na vigae?"

Nimezika watu wengi katika miji mingi. "Hakuna," nikasema.

"Basi ni sasa au sitaona."

Akatoa simu yake. Ile plani alikuwa nayo nzima, kama mchoraji alivyomtumia Owiti siku ya kwanza. Jiko lilikuwepo, chumba kilikuwepo, na namba za ndani zilisomeka kama za Biblia. Akakaa chini na penseli ya nguo na karatasi ya patani, ile ya kukatia mitindo.

"Hii elfu sita mia nne ni pamoja na kuta," akasema bila kuniuliza. "Ukuta ni mia mbili, kushoto na kulia mia nne. Ndani ni elfu sita. Kwa huku, elfu nne mia nane. Ni kama gauni, Mzee. Huwezi kupima mtu akiwa amevaa koti."

"Ndiyo."

"Kigae mia sita. Kumi kwa upana, nane kwa urefu. Themanini. Themanini kugawa nne, maboksi ishirini." Akanitazama. "Kamili. Ujia: saba na nusu, safu mbili. Kumi na tano. Jumla tisini na tano. Havijafika maboksi ishirini na nne." Akaweka penseli. "Mzee, mle ndani kuna arobaini na moja."

Nikajishughulisha na uzi.

"Plasta umeihesabu?" nikasema, ili niseme kitu.

"Plasta inapunguza chumba, haiongezi. Safu ya mwisho utaikata vidole viwili. Kigae ni kilekile kimoja." Akaendelea kuandika. "Jikoni elfu tatu mia sita kwa elfu tatu. Sita mara tano, thelathini. Chumbani elfu tatu mia sita pande zote. Thelathini na sita. Na tisini na tano ya kwao, mia moja sitini na moja." Akapiga arobaini na moja mara nne chini ya karatasi. "Viko mia moja sitini na vinne."

Tukatazamana.

"Vitatu vinabaki," nikasema.

"Na vizingiti vya milango mitatu ya ndani?"

Nimefanya kazi hii tangu nywele zikiwa nyeusi na nilikuwa nimevisahau vizingiti. Mlango ni sentimita tisini, ukuta ishirini. Kigae kimoja kinatoa vipande vitatu vya ishirini, kila mlango unakula kipande kimoja na nusu. Vigae viwili vinatosha.

"Basi kinabaki kimoja," akasema Awuor, na kukunja karatasi.

Kamati ilikuja Jumapili baada ya kanisa, ikiwa na suti, kukagua. Nilikuwa nimeshatandika nusu ya sebule. Walikanyaga ukingoni wakasifu. Awuor akawaletea chai, akawakaribisha kwa adabu zote, shemeji huyu, shemeji yule, kisha akasimama na ile karatasi ya patani.

"Shemeji Fabian, nina swali dogo la kushukuru. Sebule na ujia ni maboksi ishirini na nne. Nimehesabu na Mzee hapa, kutoka kwenye plani nzima."

Fabian akanitazama. Nikatazama pima maji.

"Inawezekana," akasema. "Lakini kuna ya kuvunjika, Mama Lorine. Asilimia kumi. Kitaalamu."

"Sawa. Tuseme matatu. Ishirini na saba. Kibandani kuna arobaini na moja. Hayo kumi na manne mengine, nani aliyaongeza? Nataka nimshukuru mbele ya watu."

Kijiko cha Gordon kikalia ndani ya kikombe na hakukuwa na sukari.

"Labda ni duka," akasema Absalom. "Hawa watu wa duka, unajua, wakati mwingine wanakosea kuhesabu."

"Kishore akosee kwa kuongeza?" Gordon akamwuliza, kabla hajajizuia. Hata Fabian alitikisa kichwa.

"Ni wewe, shemeji Gordon?" Awuor akauliza.

"Mimi? Mimi niliandika nilichoambiwa."

"Na wewe Absalom?"

"Mimi ni dereva tu, Mama Lorine. Nilibeba."

"Shemeji Fabian?"

Fabian alijikausha, akaweka mkono juu ya kifua. "Mimi kama mwenyekiti siwezi kuongeza hata kigae kimoja juu ya hesabu ya marehemu ndugu yangu."

Niliwaona wakitazamana wote watatu, na kwenye macho yao hesabu ilikuwa ikirudi nyuma: ishirini na saba, thelathini, thelathini na tatu, thelathini na saba. Kila mmoja aligundua kwamba hakuwa mwizi pekee, na haikumfurahisha. Maana kama angesema matatu ni yangu, angelazimika kusema pia ni kwa nini.

Awuor akanigeukia. "Na wewe, Mzee Wakhisi?"

Nilifikiria mlango wa binti yangu na wale kuku.

"Mimi mambo yangu ni kutandika," nikasema. "Sikuongeza kitu."

"Basi hayana mwenyewe," akasema Awuor. "Mungu ameyaongeza. Na kwa kuwa ameyaleta nyumbani kwa Owiti, yatandikwe nyumbani kwa Owiti. Jikoni na chumbani. Shemeji Fabian, wewe ni mwenyekiti, sema kama nimekosea."

Pale uani kulikuwa na akina mama wa kanisa kama kumi na watano wakichambua mchele, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akichambua. Fabian aliangalia akina mama, akaangalia suti yake.

"Kamati," akasema polepole, "ilikuwa na mpango huohuo tangu mwanzo."

"Erokamano," akasema Awuor, asante yao, na akina mama wakaitikia kama amina. Kisha akanyoosha kiganja kwa Absalom. "Ufunguo."

Absalom akautoa. Alipogeuka aende zake, Awuor akamwambia Mzee hawezi kukoroga gundi na kutandika kwa wakati mmoja, na kwa kuwa yeye alibeba tu, aendelee kubeba. Kwa hiyo mnunuzi wa kamati alikoroga gundi siku tatu, huku akinong'ona.

"Ni wewe uliyeongeza nne za mwisho, Mzee. Mimi niliacha thelathini na saba."

"Koroga, bwana. Inaganda."

"Sema tu ukweli. Sisi ni watu wazima."

"Wewe ulisema barabara mbaya. Leta maji."

Sasa kazi yenyewe. Fundi akiambiwa ana vigae vya kutosha huvunja bila kufikiri. Mimi kwa kawaida nikitandika mia huvunja vinne, vitano, nasema ni ya kuvunjika na maisha yanaendelea. Lakini Awuor alikuwa amesimama mlangoni Jumapili ile jioni na kuniambia kwa sauti ya upole: "Kila kigae utakachovunja, Mzee, unakitoa jikoni kwangu." Akaenda zake. Tangu hapo nilishika vigae kama mtu anayebeba mayai ya jirani.

Ujia niliumaliza Jumatatu. Kigae kimoja nilikigawa katikati, nusu mwisho wa safu hii, nusu mwisho wa safu ile. Jumanne asubuhi, kwenye boksi la chini kabisa, nikakuta kigae kilichopasuka pembe, kazi ya pikapu ya Absalom. Nikakitenga kwa ajili ya vizingiti. Kipande kibovu hutupwa, vingine vinafaa. Vipande sita nilivyotarajia vikawa vitano na nusu, na mimi nilihitaji vinne na nusu. Jiko likaisha Jumanne saa kumi. Ule upande wa meko niliurudia mara mbili mpaka pima maji ikanyamaza.

Jumatano nikabaki na chumba cha kulala. Vigae thelathini vizima, kisha safu ya mwisho ya sita ya kukatwa vidole viwili, kwa grainda. Viwili vikakatika vizuri. Cha tatu kikalia, kikapasuka mpaka katikati.

Absalom akasimamisha koleo. Awuor alikuwa mlangoni. Alinyoosha kidole kimoja. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa kimeegemea ukuta. Nikakichukua. Vilivyokuwa mbele yangu ni vinne vya kukata, na nyuma yangu hakuna kitu isipokuwa lot nyeupe zaidi kwa Kishore.

Nikavua shati. Nikamwambia Absalom amwage maji taratibu kwenye jiwe la grainda na asipumue. Cha kwanza kikakatika. Cha pili. Cha tatu kikatoa sauti nisiyoipenda, nikaacha, nikakigeuza, nikaanzia upande mwingine. Kikakubali. Cha nne nilikikata macho yakiwa karibu kufumba, na sitasema ni ufundi.

Kilipolala kwenye pembe, Awuor alipumua, akaenda kutia maji ya chai.

Ijumaa mwili ulifika, na watu wakalizunguka jeneza wakiangalia chini, kama ilivyokusudiwa. Fabian alizungumza kwa niaba ya familia. Alisema kamati ilifanya hesabu kwa umakini mkubwa, kutoka kwenye plani, kigae kwa kigae, na kwamba hakuna hata kimoja kilichopotea. Gordon akaandika. Hakuna neno la uongo ndani ya hotuba ile, na nadhani ilimshangaza hata yeye.

Baadaye alinivuta kando. "Mzee, halikubaki hata boksi moja?"

"Hata kigae, mwenyekiti."

"Yule mpangaji wangu..." akasema, akaacha.

Jumatatu baada ya mazishi nilirudi kuchukua grainda yangu. Mahema yalishaondolewa. Awuor alikuwa jikoni na kitambaa cha maji, akifuta ule unga wa grauti, saruji ya kujazia viungo, unaobaki juu ya kigae, mstari kwa mstari, na hakuinua kichwa niliposema hodi. Nikaweka mguu mmoja ndani.

"Viatu, Mzee," akasema.

Nikavivua, mimi niliyekaa juu ya sakafu ile siku nzima kwa magoti. Akanipa chai, nikainywa nimesimama na soksi zangu zilizotoboka, na nilipomaliza akaniambia grainda iko nje, nisiipitishe hapa.